Kulabu ya Shangazi na Twiga wa Sebuleni

Kulabu ya kwanza niliyomchapishia shangazi ilidumu siku nne. Ana duka la vitenge Magomeni, na alitaka kulabu sita za ukutani za kuning'inizia vitenge vilivyokunjwa juu ya fito, kila kulabu ibebe kilo tano au sita. Nilizichapisha kwa printa ya 3D niliyonayo nyumbani, nikazifunga kwa skrubu, nikaondoka nimeridhika. Siku ya nne akanipigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, moja imekatika na mzigo wote uko chini. Si ungejaza plastiki ndani? Nimeichungulia, kumbe ni tupu kama mkate!"

Alikuwa amesema kweli kuhusu utupu. Ndani ya kulabu ile asilimia 20 tu ilikuwa plastiki, zilizobaki hewa. Basi nikafanya alivyoshauri. Nikapandisha ujazo hadi asilimia 80, uchapishaji ukachukua muda mrefu zaidi na filamenti nyingi zaidi, nikamrudishia kulabu nzito inayojaa mkononi. Nayo ikakatika, mahali palepale, kwa mkatiko uleule. Hapo ndipo nilipokaa chini kuutazama ule mkatiko badala ya kutazama namba kwenye programu.

Kwa asiyeijua kazi hii, niseme kwanza printa inavyojenga kitu. Nozeli yenye tundu la milimita 0.4 huchora kwa plastiki iliyoyeyushwa, mstari mmoja baada ya mwingine, kila mstari una upana wa milimita 0.45 hivi. Ikimaliza tabaka moja, lenye unene wa milimita 0.2 kwa kawaida, hupanda na kuanza tabaka jingine juu yake. Katika kila tabaka huchora mzingo wa kitu, mara mbili au zaidi; hizo tunaziita kuta. Kisha hushona wavu katika nafasi iliyobaki kati ya kuta. Huo ndio ujazo. Programu inayokata mchoro kuwa tabaka, ambayo mafundi huiita slaisa, hukuuliza mambo mawili kuhusu wavu huo: uwe na umbo gani, na uwe mzito asilimia ngapi. Kwenye Cura utasoma Infill Pattern na Infill Density. Kwenye PrusaSlicer ni Fill pattern na Fill density. Kwa kuwa asilimia ndiyo namba rahisi kuelewa, wengi wetu tunapotaka kitu kigumu tunakimbilia hiyo.

Mwanzi unatufundisha vinginevyo. Mwanzi ni mtupu kabisa ndani, lakini watu hujengea dari na kupandia juu kupaka rangi ghorofa. Kitu kinapopinda, upande mmoja unavutwa na upande wa pili unabanwa, na mvuto huo ni mkubwa zaidi kwenye ngozi ya nje. Katikati kabisa hakuvutwi wala hakubanwi. Kwa hiyo plastiki unayoiweka katikati inafanya kazi ndogo, na ile unayoiweka nje inafanya kazi kubwa. Pingili za mwanzi zina kazi nyingine: zinazuia ukuta wake usibonyee na kukunjika. Hiyo ndiyo kazi halisi ya ujazo. Unashikilia kuta zikae mbalimbali, zisibonyee, na unabeba paa la kitu wakati printa inapolifunga.

Hesabu inaonyesha jambo hili vizuri. Chukua mkono wa kulabu wenye kipimo cha milimita 20 kwa 20. Ukiupa ngozi yenye unene wa kuta mbili tu, yaani milimita 0.9, ndani pawe patupu kabisa, utakuwa umetumia asilimia 17 ya plastiki ya mkono mzima usio na hewa. Lakini ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukataa kupinda, tayari ni asilimia 31 ya ule mzima. Ngozi ikiwa na unene wa kuta nne, plastiki ni asilimia 33 na ukakamavu ni 55. Ikiwa na unene wa kuta sita, plastiki ni 47 na ukakamavu umefika 72.

Sasa linganisha njia mbili za kutumia plastiki inayokaribiana. Fundi wa kwanza anabaki na kuta mbili na kupandisha ujazo hadi asilimia 50. Plastiki yake inafika asilimia 59, na hata tukiuhesabia wavu wake kwa ukarimu, kana kwamba kila uzi unavuta sawasawa na ukuta, ukakamavu hauzidi 66. Fundi wa pili anaweka kuta sita na ujazo wa asilimia 15. Ametumia plastiki asilimia 55, na kuta peke yake zimempa 72 kabla hata ya kuhesabu wavu. Ametumia kidogo akapata zaidi. Kwa kweli wavu ni dhaifu kuliko nilivyouhesabia, kwa sababu nyuzi zake nyingi zimeelekea pembeni na hupinda zenyewe kabla hazijavuta.

Kwa hiyo kwa kitu cha kazi, namba ya kwanza ya kugusa ni ya kuta. Kwenye Cura inaandikwa Wall Line Count, kwenye PrusaSlicer ni Perimeters. Na mtu asisahau kwamba kuta hujenga pande tu. Juu na chini ya kitu hufungwa kwa tabaka zilizojaa, nazo zina namba yake peke yake. Ukiweka kuta tano, ambazo ni milimita 2.25, ukaacha tabaka tatu juu, ambazo ni milimita 0.6, umejenga nyumba yenye kuta za mawe na dari ya gazeti. Tabaka za juu na za chini ziwe kumi au kumi na moja, ngozi ilingane pande zote.

Lakini hata hilo lisingeiokoa kulabu ya shangazi, na ndiyo sababu nausisitiza mkatiko. Ulikuwa bapa, laini, kama mtu aliyekata sabuni kwa uzi. Ungeweza kuona mistari ya tabaka moja tu, kamili kutoka ukingo hadi ukingo. Plastiki haikuchanika, tabaka mbili ziliachana. Mimi nilikuwa nimelaza bamba la ukutani kwenye kitanda cha printa na kuuacha mkono usimame kama mnara, kwa kuwa hivyo kazi haihitaji vishikizo. Matokeo yake kila tabaka lilikatiza mkono, na mzigo ulikuwa unajaribu kuzibandua tabaka moja kutoka kwa nyingine. Plastiki hushikana vizuri sana kwa urefu wa uzi wake, ila kati ya tabaka na tabaka ni gundi ya joto tu, na mara nyingi ni dhaifu zaidi kwa mbali. Ujazo wa asilimia 80 uliongeza eneo la gundi tu. Gundi yenyewe ilibaki ileile.

Kila kitu kilichovunjika kinaweza kusomwa namna hiyo. Mkatiko bapa unaofuata tabaka unasema: geuza namna ulivyokilaza. Ukuta uliobonyea ndani, wavu ukaonekana umekunjika chini yake, unasema ngozi ni nyembamba au mashimo ya wavu ni mapana. Hapo ndipo kuongeza asilimia kunasaidia kweli. Mkatiko wenye kingo zilizochakaa, plastiki imegeuka nyeupe, unakata tabaka nyingi kwa mshazari, unasema plastiki imetoa nguvu zake zote na kipimo cha kitu ni kidogo mno. Ongeza unene wa umbo lenyewe kwenye mchoro. Na kitu ambacho hakikuvunjika ila kimelegea na kuinama kina habari nyingine, nitaifikia mwishoni.

Kulabu ya tatu niliilaza ubavu, ikawa kama herufi L iliyolala mezani. Hapo kuta za kila tabaka zilitoka kwenye bamba, zikazunguka kona na kuingia mkononi bila kukatika, kama kamba inayopita kwenye kapi. Kona ya ndani niliizungusha kwa nusu kipenyo cha milimita 8, maana kona kali hukusanya mvuto mahali pamoja na ufa huanzia hapo. Nikaweka kuta tano na tabaka kumi na moja juu na chini. Bamba la ukutani lilikuwa na unene wa milimita 5, na kuta tano kutoka kila upande zikala milimita 4.5. Kilichobaki katikati ni ufa, na slaisa iliujaza yenyewe. Yaani bamba likawa zima bila mimi kugusa asilimia. Hili huwashangaza wanaoanza: kwenye sehemu nyembamba, namba ya ujazo haina kazi hata kidogo, kwa sababu hapabaki nafasi ya kuweka ujazo. Ni kwenye sehemu nene tu ndipo inapozungumza.

Na bamba zima ndilo nililolitaka kwa ajili ya skrubu. Skrubu ikikazwa juu ya ngozi nyembamba yenye wavu mwepesi chini yake, kichwa chake kinazama, wavu unapondeka, na baada ya wiki skrubu imelegea ingawa hakuna aliyeigusa. Kama kitu chako ni kinene na hakiwezi kuwa kizima chote, slaisa nyingi zinakuruhusu kuweka boksi dogo kuzunguka tundu la skrubu na kuliagiza lijae peke yake. Ongeza na washa ya chuma chini ya kichwa cha skrubu.

Kwenye mkono, palipobaki nafasi, nikaweka ujazo wa asilimia 20 wa umbo la Gyroid. Chaguo la umbo lina sababu, ingawa sababu hizo ni ndogo kuliko za kuta na ulalo.

Wavu wa kawaida, Grid, ni miraba. Ni wa haraka, na una nguvu kwa kufuata mistari yake, lakini ukiusukuma kwa mshazari miraba inalala kama fremu ya dirisha iliyolegea misumari. Una kasoro nyingine inayosikika kwa sikio. Katika tabaka moja mistari yake inakatizana, na penye makutano plastiki inapanda kidogo. Nozeli ikipita tena inagonga vile vinundu. Utasikia tak-tak-tak printa inapofanya kazi. Kwa kitu kifupi na kipana si neno. Kwa kitu kirefu na chembamba, kugongwa huko kwa saa kadhaa kunaweza kukibandua kitandani.

Gyroid haina mistari iliyonyooka. Ni uso mmoja unaojipinda bila kukoma, na haujikatizi popote. Aliyeueleza ni mwanasayansi Mmarekani Alan Schoen, mwaka 1970, alipokuwa akifanya kazi NASA, akitafuta maumbo mepesi yenye nguvu. Kila tabaka lake linaonekana kama mawimbi, na mawimbi hayo hubadilika taratibu kadiri unavyopanda. Kwa kuwa haikatizi mistari katika tabaka, nozeli haigongi kitu. Kwa kuwa inajipinda kila upande, inakataa kubonyezwa karibu sawa kutoka pande zote, nami sihitaji kukisia mzigo utatoka wapi. Gharama yake ni muda: nozeli inapinda wakati wote, printa inatikisika, na kazi huchelewa kidogo. Cubic, ambayo ni maboksi yaliyosimama kwa pembe zake, nayo ina nguvu pande zote na huchapishwa upesi zaidi, ila mistari yake inakatizana kama ya Grid. Mimi nikiwa na haraka na kitu ni kifupi, huchukua Cubic. Maumbo mengine yote kwenye ile orodha ndefu, kwa kazi za nyumbani na dukani, hayajawahi kunipa sababu ya kuyahangaikia.

Asilimia ni kiasi gani basi? Kwa kitu cha kazi chenye kuta nne hadi sita, kati ya 15 na 30 inatosha karibu kila mara. Zaidi ya hapo ni kwa vitu vinavyobanwa au kupigwa, kama mguu wa mashine au kichwa cha nyundo ya mpira. Asilimia 100 naiogopa. Tabaka zilizojaa kabisa hujikunja zinapopoa, pembe za kitu zinanyanyuka kitandani, na printa ikimwaga plastiki hata kidogo zaidi kuliko inavyopaswa, ziada haina pa kwenda. Inapanda juu, na nozeli inaanza kukwaruza.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kazi nyingine: twiga wa kuweka sebuleni, urefu wa sentimita 18, kwa filamenti ya manjano. Huyu habebi kitu. Anachotakiwa ni ngozi safi. Hapa hesabu yote inageuka, na ujazo una kazi moja tu ya kufanya: kubeba paa.

Paa ni kila mahali ambapo kitu kinafungwa kwa juu, kama mgongo wa twiga. Wavu wa Grid wa asilimia 20 una miraba ya milimita 4.5; ukishuka hadi asilimia 10, miraba inafika milimita 9. Printa inapoanza kufunga mgongo, inatandaza uzi laini hewani juu ya mashimo hayo. Uzi unazama katikati ya kila shimo, na tabaka linalofuata linarithi bonde lilelile. Ukiona mgongo wenye vimito kama godoro lililoshonwa, au vitundu vidogo, ndiyo hiyo. Dawa mojawapo ni kuongeza asilimia, lakini ni dawa ghali, maana unalipia kitu chote kwa ajili ya mgongo. Dawa nzuri ni tabaka tano au sita za juu badala ya tatu. Kila moja inafunika kosa la ile ya chini.

Dawa nyingine ni umbo la Lightning, lililoingia kwenye Cura mwaka 2021 na baadaye kwenye PrusaSlicer. Slaisa inaanza kwa kuuliza mapaa yako wapi, kisha inaotesha kama matawi ya mti kutoka kwenye kuta hadi chini ya mapaa hayo tu. Kwingine kote panabaki hewa. Twiga wangu alijazwa hivyo kwa asilimia 10, kuta mbili, na aliokoa sehemu kubwa ya filamenti na muda. Usilitumie umbo hili kwa chochote kitakachobanwa, kubebeshwa au kuchezewa na watoto. Kuta zake hazina wa kuzishikilia; ukiminya kwa vidole utazisikia zikibonyea.

Miguu ya twiga ilinirudisha kwenye kulabu. Ni myembamba, imesimama, na tabaka zinaikatiza kama zilivyoukatiza mkono wa ile kulabu ya kwanza. Mguu wa kwanza ulikatika nilipokuwa nikiondoa vishikizo. Nilijua sasa kwamba asilimia haitasaidia. Miguu ilikuwa na kipenyo cha milimita 5, kwa hiyo niliweka kuta sita kwenye miguu tu, kwa ile njia ya boksi, ikawa mizima, na nikapandisha joto la nozeli kwa nyuzi kumi ili tabaka zishikane vyema. Imesimama hadi leo, kwenye kabati ambalo halisukumwi.

Ngozi nyembamba yenye rangi hafifu ina tatizo lake: wavu wa ndani huonekana kwa nje kama mbavu, hasa kwa nyeupe na manjano mwanga ukipita pembeni. Ukuta wa tatu kwa kawaida unaufuta. Na kuna pambo moja linalovunja kanuni zote hizi, nalo ni picha ya kumulikwa kwa nyuma, ile ambayo unene wa plastiki ndio unaochora sura ya mtu. Hiyo lazima iwe asilimia 100. Ukiacha hewa ndani, taa ikiwaka utaona wavu umetandazwa juu ya uso wa bibi harusi. Kama unataka pambo lako liwe zito lisianguke, acha tundu chini na ulijaze mchanga mkavu, kisha uzibe kwa gundi. Mchanga ni mzito kuliko plastiki na ni bure.

Kabla ya kumpelekea shangazi kulabu za mwisho nilizijaribu kwa ndoo. Kulabu moja niliifunga kwenye ubao, nikatundika ndoo, nikamimina maji lita moja moja. Kila lita ni kilo moja. Nilifika lita 18 ndoo ikajaa, na kulabu ikasimama. Kisha nikaweka alama ya penseli kwenye ubao usawa wa ncha ya mkono, nikaacha ndoo hadi asubuhi.

Asubuhi ncha ilikuwa imeshuka milimita mbili chini ya alama. Haikuvunjika, na nilipoitoa ndoo haikurudi yote. Filamenti ilikuwa PLA, ambayo ni ngumu lakini hulegea polepole ikibebeshwa mzigo bila kupumzika, na joto likikaribia nyuzi 60 hulainika kabisa. Duka la shangazi lina paa la bati lisilo na dari. Kuta tano na Gyroid haviwezi kulitibu hilo, kwa sababu ni tabia ya plastiki yenyewe. Nikachapisha zote sita upya kwa PETG, inayovumilia joto zaidi, mpangilio uleule wa kuta na ulalo uleule wa ubavu. Nilipozifunga niliweka alama ya penseli chini ya kila ncha, na kila nikienda kumsalimia shangazi huwa nazitazama kwanza.